Namba ya kutoa: njia ya mkato ya kodi ya mshahara, na kosa la Julai 2021

Mnamo Julai 2021 kiwango cha kwanza cha kodi ya mishahara Tanzania Bara, ile ambayo wengi tunaiita PAYE, kilishuka kutoka asilimia 9 hadi asilimia 8. Mwezi uliofuata nilikuwa nikipitia orodha ya mishahara ya karakana moja jijini Dar es Salaam yenye wafanyakazi 14, na mtunza stoo wao, mzee wa makamo, alikuja dirishani kwa binti anayeandaa malipo akiwa na slipu mbili mkononi, ya Juni na ya Julai. Alizilaza mezani sambamba na kuweka kidole kwenye mstari wa kodi. Zote mbili zilisomeka 83,000.

“Mwanangu, redioni walisema kodi imeshuka. Hii yangu mbona iko palepale?”

“Shikamoo mzee. Kilichoshuka ni kile cha asilimia tisa. Wewe uko kwenye ishirini na tano, kwa hiyo haikuhusu.”

Jibu hilo lilitolewa kwa heshima na kwa nia njema, nalo si sahihi. Mzee alikuwa na haki ya kuona kodi yake imepungua kwa shilingi 2,500. Kilichonifanya nikae na kisa hiki kwa siku nzima ni kwamba kosa la jibu na kosa la hesabu lilikuwa kosa moja: wote wawili, binti na jedwali lake la Excel, walidhani kila ngazi ya kodi inajitegemea.

Hivi ndivyo viwango vya mwezi vilivyosomeka kuanzia Julai 2021, vikihesabiwa juu ya mapato yanayotozwa kodi, yaani mshahara baada ya kuondoa mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kinachozidi hapo hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8. Kinachozidi 520,000 hadi 760,000 kinatozwa asilimia 20, kinachozidi 760,000 hadi 1,000,000 kinatozwa asilimia 25, na kinachozidi milioni moja kinatozwa asilimia 30. Kabla ya hapo, tofauti pekee ilikuwa kwamba ile asilimia 8 ilikuwa 9.

Mshahara wa mzee ulikuwa 900,000. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 90,000, na kilichobaki kutozwa kodi ni 810,000. Kwa njia ndefu tunavunja fedha hiyo vipande vipande: 270,000 bila kodi, 250,000 kwa asilimia 8 ambayo ni 20,000, kisha 240,000 kwa asilimia 20 ambayo ni 48,000, na 50,000 za mwisho kwa asilimia 25 ambazo ni 12,500. Jumla ni 80,500. Kwa kiwango cha zamani kipande cha pili kingetoa 22,500 badala ya 20,000, na jumla ingekuwa 83,000, ambayo ndiyo namba iliyokuwa kwenye slipu zote mbili.

Binti hakutumia njia ndefu. Alirithi jedwali lililotumia njia ya mkato, ambayo inazidisha mapato yote kwa kiwango cha ngazi ya juu kabisa ambayo mtu amefika, kisha inatoa namba moja isiyobadilika iliyowekwa kwa ngazi hiyo. Ni njia nzuri na mimi mwenyewe ninaitumia kila mwezi. Shida ni kwamba aliyeirithi hakuambiwa zile namba za kutoa zilitoka wapi.

Zilitoka kwenye wazo rahisi. Chukua 810,000 za mzee na ujifanye kwamba zote, kuanzia shilingi ya kwanza, zinatozwa asilimia 25. Unapata 202,500. Bila shaka umemtoza kupita kiasi, na sasa swali ni kiasi gani. Zile 270,000 za kwanza zilipaswa kutozwa sifuri nawe umezitoza asilimia 25, kwa hiyo umezidisha 67,500. Zile 250,000 zinazofuata zilipaswa kutozwa asilimia 8, umezidisha asilimia 17, ambayo ni 42,500. Zile 240,000 za tatu zilipaswa kutozwa asilimia 20, umezidisha asilimia 5, ambayo ni 12,000. Kipande cha mwisho kimetozwa sawasawa. Ukijumlisha ziada hizo tatu unapata 122,000, na 202,500 ukitoa 122,000 unapata 80,500, sawa kabisa na njia ndefu.

Sasa angalia zile ziada tatu tena. Hakuna hata moja iliyotumia namba 810,000. Zimetumia upana wa ngazi za chini na tofauti za viwango tu. Mtu mwenye mapato ya 770,000 na mwenye 995,000 wote wamezijaza ngazi tatu za chini mpaka juu, kwa hiyo wote wawili wakitozwa asilimia 25 kwa kila kitu, ziada yao ni ileile 122,000. Ndiyo maana namba ya kutoa ni moja kwa kila aliye katika ngazi, na ndiyo maana njia hii ya mkato haikadirii chochote; inatoa jibu lilelile la njia ndefu, kwa mpangilio mwingine.

Kuna namna fupi zaidi ya kuzipata namba hizo, na ndiyo ninayomshauri mtu aikariri. Pale ngazi mbili zinapokutana, kanuni ya ngazi ya chini na kanuni ya ngazi ya juu lazima zitoe kodi moja, kwa sababu mtu mwenye mapato ya 520,000 kamili hawezi kuwa na kodi mbili. Tuseme kiwango cha chini ni r1 na namba yake ya kutoa ni d1, kiwango cha juu ni r2 na namba yake ni d2, na mpaka ni B. Basi:

```
r1*B - d1 = r2*B - d2
d2 = d1 + (r2 - r1)*B
```

Unaanza na sifuri chini kabisa na kupanda ngazi. Namba ya asilimia 8 ni 0.08 mara 270,000, yaani 21,600. Namba ya asilimia 20 ni 21,600 kujumlisha 0.12 mara 520,000, ambayo ni 62,400, jumla 84,000. Ya asilimia 25 ni 84,000 kujumlisha 0.05 mara 760,000, jumla 122,000, ileile tuliyoipata kwa kuhesabu ziada. Ya asilimia 30 ni 122,000 kujumlisha 0.05 mara 1,000,000, jumla 172,000. Basi kwa viwango vya Julai 2021 kazi yote inabaki mistari minne:

```
0.08*M - 21600
0.20*M - 84000
0.25*M - 122000
0.30*M - 172000
```

M ni mapato ya mwezi yanayotozwa kodi. Atakaye kuhakiki namba hizi anaweza kuzitoa pia kwenye jedwali lenyewe la Mamlaka ya Mapato, ambalo huandikwa kwa mtindo wa “68,000 kujumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000”. Fungua mabano: asilimia 25 ya 760,000 ni 190,000, toa 68,000, unabaki na 122,000.

Jedwali la karakana lilikuwa na namba za mwaka wa nyuma, na kwa mwaka huo zilikuwa sahihi: 24,300 kwa asilimia 9, kisha 81,500, 119,500 na 169,500. Viwango vilipobadilika, binti alifungua jedwali, akaona 0.09, akaandika 0.08, akahifadhi. Namba za kutoa hakuzigusa. Kwa mtu ambaye hajui zinakotoka hilo lina mantiki yake, kwa kuwa tangazo halikutaja namba hizo popote, lilitaja asilimia.

Matokeo yake yalikwenda pande mbili. Kwa walio ngazi ya asilimia 8, jedwali lilitoa 24,300 badala ya 21,600, kwa hiyo kila mmoja alitozwa pungufu ya 2,700. Kwa walio juu ya 520,000, jedwali liliendelea na namba za zamani ambazo zote ni ndogo kuliko mpya kwa 2,500 kamili, na kwa hiyo kila mmoja wao alitozwa zaidi kwa 2,500, awe na mshahara wa laki saba au wa milioni nne.

Hiyo 2,500 ndiyo jibu la swali la mzee. Kila aliye juu ya 520,000 anapitisha shilingi 250,000 za mapato yake katika ngazi ya asilimia 8, na asilimia moja ya 250,000 ni 2,500. Kiwango cha chini kikishuka, nafuu inapanda ngazi hadi juu kabisa, na namba za kutoa ndizo zinazoibeba. Ndiyo maana haiwezekani kubadili kiwango kimoja na kuziacha namba zilizo juu yake. Kila namba ya kutoa ina ndani yake habari za ngazi zote zilizo chini yake.

Kwa nini hakuna aliyegundua mapema? Kwa sababu jumla ilionekana ya kawaida. Wafanyakazi tisa walikuwa juu ya 520,000 na watano walikuwa katika ngazi ya asilimia 8. Tisa mara 2,500 ni 22,500 zilizozidi, tano mara 2,700 ni 13,500 zilizopungua, na tofauti iliyobaki kwenye jumla ya kodi ya kampuni ilikuwa 9,000 tu. Anayelinganisha jumla ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, kama wafanyavyo wakaguzi wengi wa haraka, haoni kitu cha kumshtua.

Hata hivyo alama ilikuwepo, na ilikuwa wazi. Msaidizi wa jikoni mwenye mshahara wa 320,000 alikuwa na mapato ya kutozwa kodi ya 288,000. Asilimia 8 yake ni 23,040, na ukitoa 24,300 unabaki na kodi ya hasi 1,260. Slipu yake ilikuwa na alama ndogo ya kutoa mbele ya kodi, na jedwali, likitii amri, likamwongezea 1,260 kwenye mshahara. Alipaswa kukatwa 1,440. Namba hasi katika safu ya kodi ni dalili ya kwanza ya kuangalia, na kwa namba hizi ilikuwa inampata yeyote mwenye mapato kati ya 270,000 na 303,750.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kupima mipakani. Weka mapato ya 520,000 kamili kwenye kanuni ya chini na kwenye kanuni ya juu. Jedwali la karakana lilitoa 17,300 kwa kanuni ya asilimia 8 na 22,500 kwa kanuni ya asilimia 20. Ruko la 5,200 pale ambapo hapapaswi kuwa na ruko lolote, nalo ni asilimia 1 ya 520,000 kamili, yaani linataja lenyewe kiwango gani kilibadilishwa na kwenye mpaka gani. Kwenye mipaka ya 760,000 na 1,000,000 hapakuwa na ruko, kwa kuwa namba za juu zilikuwa zinapatana zenyewe kwa zenyewe ingawa zote zilikuwa za zamani. Kwa hiyo mtu asipime mpaka mmoja na kuridhika. Apime yote, akianzia chini.

Hapa kuna mtego ambao lazima niuseme, kwa sababu unawanasa hata watu hodari wa Excel. Viwango vinapopanda kila ngazi, huhitaji kumwambia kompyuta mtu yuko ngazi gani. Kanuni ya ngazi yake ndiyo itakayotoa namba kubwa kuliko nyingine zote, kwani mistari miwili inakutana mpakani tu, na ukivuka mpaka ule wenye asilimia kubwa ndio unaopaa juu. Kwa hiyo fomula nzima ni hii:

```
=MAX(0, 0.08*A2-21600, 0.2*A2-84000, 0.25*A2-122000, 0.3*A2-172000)
```

Ni fomula nzuri mno, na inaondoa kabisa makosa ya kuchagua ngazi. Lakini kubwa kati ya mistari iliyonyooka hairuki kamwe. Ukiingiza ndani yake namba mbovu za karakana, ile hasi ya msaidizi wa jikoni inakuwa sifuri, na lile ruko la 520,000 linatoweka, kwa sababu fomula inahamia kwenye mstari wa asilimia 20 mapema, pale mistari inapokatana. Kosa linabaki na dalili zake zinafutika. Anayetumia MAX basi apime kwa njia nyingine: agawanye tofauti ya namba mbili za kutoa kwa tofauti ya viwango vyake, na jibu lazima liwe mpaka wenyewe. Kwa namba sahihi, 84,000 kutoa 21,600 ni 62,400, gawanya kwa 0.12, unapata 520,000. Kwa namba za karakana, 81,500 kutoa 24,300 ni 57,200, gawanya kwa 0.12, unapata takriban 476,667, na hakuna mpaka wa namna hiyo katika sheria.

Marekebisho yalifanyika kwenye mishahara ya Agosti. Waliokatwa zaidi walirudishiwa 2,500 zao. Wale watano ilibidi waitwe na kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu kodi ambayo mwajiri hakuikata bado inadaiwa kwake mwajiri, na hakuna mfanyakazi anayefurahi kusikia kwamba 2,700 aliyokwisha kuitumia inatakiwa. Mwenye karakana aliamua kulipa ile tofauti yeye mwenyewe. Naona alifanya sawa.

Njia hii ina masharti machache. Namba za kutoa hapo juu ni za mwezi. Ukiweka mapato ya mwaka, mipaka na namba zote zizidishwe kwa 12, viwango vibaki vilivyo. Mapato yanayoingia kwenye fomula ni yale ya baada ya mchango wa hifadhi ya jamii, si mshahara ghafi: mzee angewekewa 900,000 angekatwa 103,000. Na palipo na nafuu ya kodi inayotolewa kwa kila mtu, nafuu hiyo inajumlishwa tu kwenye namba ya kutoa. Kenya ni mfano mzuri. Kwa viwango vya 2023, ngazi ya asilimia 30 inayoanzia 32,333 kwa mwezi ina namba ya kutoa ya 5,216.65, na nafuu binafsi ya 2,400 inaifanya kuwa 7,616.65. Mwenye mapato ya kutozwa kodi ya shilingi 100,000 za Kenya analipa 30,000 kutoa 7,616.65, yaani 22,383.35. Chini kabisa, ambako nafuu inazidi kodi, jibu linakuwa hasi na lazima lizuiwe kwenye sifuri. Hapo hasi si kosa la namba.

Faida ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote ilijitokeza siku ileile. Mwenye karakana alikuwa ameahidiana na msimamizi mpya mshahara wa mkononi wa 900,000, na binti alihitaji kujua aandike mshahara ghafi wa kiasi gani kwenye mkataba. Alikuwa ameanza kwa kukokotoa kodi ya 900,000, akapata 103,000, akaijumlisha na kupata mapato ya kutozwa kodi ya 1,003,000. Lakini 1,003,000 inakatwa kodi ya 128,900, na msimamizi angebaki na 874,100, pungufu ya 25,900 kila mwezi. Kodi inakatwa kwenye fedha kubwa kuliko ile aliyoianzia, na ukirudia kujumlisha mara kwa mara utakaribia jibu polepole tu.

Kwa njia ya mkato unarudi nyuma mara moja. Kinachobaki baada ya kodi, tukiite N, ni M kutoa kodi, na kodi ni r*M - d, kwa hiyo:

```
N = (1 - r)*M + d
M = (N - d)/(1 - r)
```

Kwanza unajua ngazi kwa kuangalia kinachobaki mipakani: aliye kwenye 520,000 anabaki na 500,000, aliye kwenye 760,000 anabaki na 692,000, na aliye kwenye milioni moja anabaki na 872,000. Laki tisa iko juu ya 872,000, basi ni ngazi ya asilimia 30 na namba ya kutoa ni 172,000. Laki tisa kutoa 172,000 ni 728,000, gawanya kwa 0.7, unapata 1,040,000 kamili. Hayo ndiyo mapato ya kutozwa kodi. Kwa kuwa ni asilimia 90 ya mshahara ghafi, gawanya kwa 0.9 na unapata 1,155,555.56. Binti alihakiki mwenyewe kwa kalamu pembeni mwa mkataba: NSSF 115,555.56, kodi 312,000 kutoa 172,000 ambayo ni 140,000, kilichobaki 900,000. Akachora mstari chini yake mara mbili, kisha akafungua jedwali na kuandika pembeni mwa kila namba ya kutoa jinsi ilivyopatikana.